Ameuliza habari za Excel: yuko kwenye kompyuta au kwenye simu? Mwongozo kwa wanaojibu maswali ya teknolojia kwa maandishi

Swali limeingia: "Nawezaje kushuka mstari wa pili ndani ya seli ile ile?" Hakuna zaidi ya hapo. Mhudumu anasoma neno "seli", picha ya kompyuta inamjia kichwani, na anajibu papo hapo: bonyeza Alt na Enter kwa pamoja. Kwa Excel ya Windows jibu hilo ni sahihi kabisa. Lakini aliyeuliza ameshika simu, na kibodi ya simu yake haina Alt. Anaitafuta, haioni, anaandika tena: "Alt iko wapi?" Sasa kuna ujumbe wa tatu, wa nne, na shida ya awali bado haijaguswa.

Kwenye Excel ya Android njia ni nyingine: gusa seli mara mbili, gusa mahali unapotaka kukata mstari, kisha gusa alama ya buluu ya kishale inayotokea hapo na uchague New Line. Google Sheets kwenye kompyuta inakubali Ctrl na Enter, na LibreOffice Calc vilevile. Swali ni moja, mada ni moja, na majibu yanatofautiana kulingana na kitu ambacho muulizaji hakukitaja.

Mwongozo huu ni wa wale wanaojibu maswali ya namna hii kila siku: wahudumu wa wateja, mafundi, walimu wa kompyuta, wasimamizi wa makundi ya kusaidiana. Unahusu jambo moja tu, yaani mada ya swali inakuambia kiasi gani kuhusu kifaa kilichoko mkononi mwa anayeuliza, na ufanye nini na kile kidogo inachokuambia.

Mada, programu na kifaa ni vitu vitatu

Kosa huanzia pale vitu hivi vinapochanganywa. Mada ni kile mtu anachotaka kufanya: kujumlisha mauzo, kutuma pesa. Programu ndiyo inayofanya kazi hiyo: Excel, Google Sheets, menyu ya laini, app ya mtandao wa simu. Kifaa ni mahali programu hiyo inapokaa. Mada hukusogeza karibu na programu, na programu hukusogeza karibu na kifaa, lakini kila hatua ina mwanya wake. Excel ipo kwa Windows, kwa Mac, kwa Android, kwa iPhone na ndani ya kivinjari. Mtu akisema "Excel" amekutajia programu, na hata hapo usiwe na uhakika sana, maana wapo wengi wanaoita kila lahajedwali "Excel", hata wakiwa ndani ya Google Sheets.

Upande wa pesa za simu mambo yanageuka kinyume, lakini mtego ni ule ule. Jina lenyewe linasema simu, kwa hiyo mtu anaona amekwisha kujua kifaa. Simu gani? M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 ilikaa kwenye menyu ya laini yenyewe, ndiyo sababu iliweza kutumika kwenye simu ndogo ya kubonyeza isiyo na intaneti. Njia hiyo ingali inafanya kazi. Kuna njia ya pili ya kupiga msimbo unaoanza na nyota na kuishia na alama ya reli, yaani USSD, inayofanya kazi kwenye simu ya kubonyeza na simu janja pia. Ya tatu ni app, inayotaka simu janja. Na ya nne husahaulika kabisa: mfanyabiashara anayeangalia miamala yake kwenye tovuti ya wafanyabiashara akiwa kwenye kompyuta, au aliyepokea taarifa ya miamala kwa barua pepe na anahangaika kuifungua. Wote wanne wataandika "nina shida na pesa za simu."

Dalili hii ina uzito gani hasa

Tusiseme tu kwamba ni dhaifu; tuipime kwa hesabu ndogo. Chukulia kwamba katika kila watu 100 wanaokuandikia, 80 wanatumia simu na 20 kompyuta. Chukulia pia kwamba mtu wa kompyuta ana uwezekano mara tatu zaidi wa kuuliza habari za lahajedwali: 3 katika kila 10 wa kompyuta wanauliza, lakini 1 tu katika kila 10 wa simu. Namba hizi ni za mfano. Zako utazipata mwenyewe kwa njia iliyo mwishoni.

Hesabu sasa. Kati ya wale 20 wa kompyuta, watakaouliza lahajedwali ni 6. Kati ya wale 80 wa simu, watakaouliza ni 8. Jumla ni maswali 14 ya lahajedwali, na 8 kati yake yametoka kwa watu wenye simu. Ukimjibu kila mmoja kana kwamba yuko kwenye kompyuta, umewakosea zaidi ya nusu, ingawa ni kweli kwamba watu wa kompyuta huuliza zaidi habari hizo.

Dalili haikudanganya. Bila kujua mada, nafasi ya kwamba mtu yuko kwenye kompyuta ilikuwa 20 kwa 100. Baada ya kuijua imepanda hadi 6 kwa 14, karibu 43 kwa 100. Imepanda sana, ila haijavuka nusu. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya lingine lolote ni hili: wanaoniandikia, kwa jumla, wanatumia nini? Katika ofisi ambako kila mtu amekaa mbele ya kompyuta, swali la pesa za simu linaweza kabisa kuwa la kompyuta. Mahali ambapo karibu wote wana simu, hata swali la PivotTable huenda limetoka kwenye simu.

Kwanza: je, jibu linabadilika?

Kabla ya kuanza kukisia kifaa, angalia kama kuna haja. Maswali mengi majibu yake ni yale yale popote.

Mtu aliyetuma pesa kwa namba isiyo yake hahitaji kuulizwa anatumia simu gani. Anahitaji kuambiwa asifute ujumbe wa muamala na awasiliane na mtoa huduma sasa hivi akiwa na namba ya muamala huo, maana kadiri muda unavyopita ndivyo pesa inavyozidi kuwa katika hatari ya kutolewa upande wa pili. Kumuuliza "simu janja au ya kawaida?" hapo ni kumpotezea dakika ambazo hana.

Fomula nazo ziko hivyo. SUM, IF, TEXT, LEN na wenzao huandikwa vilevile kwenye simu na kwenye kompyuta, kwenye Excel na kwenye Google Sheets. Kinachoweza kubadilika ni kitenganishi: baadhi ya watu wanahitaji nukta-mkato mahali pa mkato. Hilo linatokana na mipangilio ya lugha na eneo, si kifaa, kwa hiyo usilitumie kama dalili ya kifaa.

Vinavyobadilika ni menyu, vitufe vya njia ya mkato, mahali faili linapohifadhiwa, na vipengele ambavyo toleo la simu halina. Swali linalogusa kimojawapo ndilo linalokulazimu kujua kifaa. Ukilizoea swali hili, utaona sehemu kubwa ya kukisia inakuondokea.

Tafuta dalili zenye nguvu zaidi ya mada

Muulizaji karibu kila mara huacha alama nyingine. Zisome kabla hujaitegemea mada.

Alama bora ni maneno ya skrini aliyoyanakili. Mtu akiandika kwamba amepiga msimbo akajibiwa "Connection problem or invalid MMI code", maneno hayo ni ya Android. Umejua kwamba ana simu janja, kwamba anatumia USSD na si app, na kwamba bando lake la intaneti halihusiki. Sentensi moja ya hitilafu imekupa zaidi ya yote ambayo mada ya pesa za simu ingekupa.

Vitenzi pia vinasema. Anayeandika "nimebofya kulia" ana kipanya au kibao cha kugusa cha laptop. Anayeandika "nimeshikilia kidole hadi menyu ikatokea" yuko kwenye skrini ya kugusa. "Nimebonyeza", lakini, usiipe uzito: watu hubonyeza kila kitu, kuanzia kengele ya mlango.

Picha ya skrini huonyesha mengi. Picha iliyosimama wima, yenye saa na betri juu, ni ya simu. Ile iliyopigwa kwa kamera, yenye mawimbi ya rangi na kingo za skrini zinazoonekana, inakuambia kwamba shida iko kwenye kompyuta na kwamba mtu anakuandikia kwa simu. Hata jina la faili husaidia kama halijabadilishwa njiani. `Screenshot 2024-05-01 at 10.15.22.png` ni mtindo wa Mac, na `Screenshot 2024-05-01 101522.png` ni wa Windows 11. Simu nyingi za Android huunganisha maneno kwa mstari wa chini, kama `Screenshot_20240501-101522.png`. Tatizo ni kwamba app za ujumbe mara nyingi hulipa faili jina jipya, kwa hiyo jina likikosekana usihitimishe chochote.

Hapa pana mtego unaowanasa hata wazoefu. Kifaa anachoandikia mtu na kifaa chenye shida si lazima viwe kimoja. Barua pepe iliyoishia na "Sent from my iPhone" inakuambia ilikoandikwa. Kama shida ni ya kompyuta iliyogoma kuwaka, bila shaka mtu angeandika kwa simu. Angeandikia nini kingine? Ujumbe mfupi usio na herufi kubwa wala nukta nao ni ushahidi wa mahali ulipoandikwa tu.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Chukua swali hili, ambalo mada zake mbili zinavutana: "Nina orodha ya walionilipa kwa simu. Nikiifungua, namba zingine zimekuwa 2.557E+11 na zingine zimepoteza sifuri ya mbele. Nifanyeje?"

Pesa za simu inavuta kuelekea simu. Orodha inayofunguka kwa safu inavuta kuelekea kompyuta. Ukizipima kwa mada pekee, hutafika popote. Soma kilichoandikwa.

Ile 2.557E+11 ndiyo alama yenye nguvu. Excel, seli ikiwa kwenye mpangilio wa General, huonyesha namba nzima hadi tarakimu 11. Ya 12 ikiingia hubadilisha kuwa maandishi ya kisayansi. Namba ya simu yenye msimbo wa nchi mara nyingi ina tarakimu 12, kwa hiyo 255700000000 huonekana 2.557E+11. Google Sheets kwa kawaida huionyesha namba hiyo yote. Basi kuna uwezekano mkubwa kwamba ni Excel. Lakini angalia ulichopata: ni programu. Excel ya simu hufanya vilevile, na kifaa bado hukijui.

Sifuri iliyopotea inakupa kisa chenyewe. Faili lilikuwa CSV, ambalo ni maandishi matupu. Programu ilipolifungua ikaona 0700000000, ikaichukulia kuwa namba ya kuhesabia, na namba ya kuhesabia haina sifuri mbele. Zikabaki tarakimu 9.

Sasa jiulize: jibu linategemea kifaa? Sehemu yake haitegemei, na hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Mwambie aweke fomula hii kwenye safu wima tupu iliyo kando, ikiwa namba ziko kuanzia A2, kisha aishushe hadi mwisho wa orodha:

```
=IF(LEN(A2)=9,"0"&A2,A2&"")
```

Fomula inahesabu tarakimu. Zikiwa 9 inarudisha sifuri mbele. Zikiwa nyingine inaiacha namba ilivyo, ila inaigeuza kuwa maandishi, na ile 2.557E+11 inarudi kuwa tarakimu 12 kamili. Inafanya kazi kwenye kila kifaa. Mwambie mambo mawili pamoja nayo. Ile 9 inafaa kwa namba ambazo kwa kawaida ni tarakimu 10 pamoja na sifuri, kwa hiyo zikiwa za urefu mwingine aibadilishe. Na kama kuna nafasi zilizojificha ndani ya namba, LEN itazihesabu na sifuri haitarudi. Hapo aziondoe nafasi kwanza.

Mwonye pia kuhusu safu ya namba za miamala, kama ni tarakimu tupu. Excel hubeba tarakimu 15 tu za namba moja, na zinazozidi hugeuka sifuri. Faili likihifadhiwa katika hali hiyo, hakuna fomula itakayozirudisha. Lazima apakue CSV upya. Ndiyo maana onyo la "usihifadhi juu ya faili la awali" linakaa mwanzoni mwa jibu, si mwishoni.

Sehemu ya pili, ya kuzuia jambo hili lisitokee tena, ndiyo inayotegemea kifaa. Kwenye Excel ya Windows anafungua kitabu kitupu, anakwenda Data, kisha From Text/CSV, anachagua faili, na kwenye dirisha la hakikisho anaweka Data Type Detection kuwa Do not detect data types kabla ya kubofya Load. Kila safu inaingia kama maandishi, na sifuri zinabaki. Kwenye simu asiitafute njia hiyo. Atumie fomula kila anapopakua orodha, au alifungulie faili kwenye kompyuta.

Jibu linaloandikwa, basi, linaanza na onyo la kutohifadhi, linafuata fomula, kisha linakuja tawi moja: "Kama unaona neno Data kwenye mstari wa juu wa skrini, karibu na Home na Insert, na ndani yake unaona From Text/CSV, fanya hivi. Kama huoni, tumia fomula kila mara." Tawi limejengwa juu ya kitu anachokiona kwa macho. Hakulazimika kujua anatumia toleo gani, na wewe hukulazimika kumuuliza.

Linganisha na jibu la aliyekisia kompyuta tangu mwanzo: lingeanza na From Text/CSV, mwenye simu angekwama kwenye hatua ya kwanza kabisa, na fomula iliyokuwa imfae angeikuta chini baada ya kukata tamaa, kama angefika huko.

Ukilazimika kuuliza

Kuna wakati matawi yanazidi mawili na jibu linakuwa msitu. Hapo uliza, lakini uliza swali linalojibika. "Unatumia kifaa gani?" huzaa majibu kama "Samsung", na Samsung hutengeneza simu, tableti na laptop. "Toleo gani?" huzaa kimya. Uliza hivi: "Unafanyia hili kwenye simu au kwenye kompyuta?" Kwa pesa za simu, uliza njia badala ya kifaa: "Unapiga msimbo wenye nyota, au unafungua app?" Kila mtu anajua jibu la swali hilo, na ndilo linalokuhusu; ukishajua kwamba anapiga msimbo, aina ya simu haibadilishi hatua zako kwa kiasi kikubwa. Kumbuka tu kwamba kwenye simu ya kubonyeza huenda akahitaji kubonyeza Options au Reply kabla ya kuandika namba ya chaguo, wakati simu janja inamletea kisanduku cha kujibu moja kwa moja.

Swali lako lisiende tupu. Litangulize na kile ambacho hakitegemei kifaa, ili hata asipojibu awe amepata kitu. Isipokuwa hatua unayotaka kumpa inaweza kumdhuru akiifanya mahali pasipo pake: kufuta data ya app, kurejesha simu katika hali ya kiwandani, kujaribu tena PIN wakati majaribio yanakaribia kwisha. Hapo uliza kwanza na usimpe hatua yoyote hadi ajibu. Na PIN yenyewe usiiulize kamwe, wala usimwache akutumie picha inayoionyesha.

Kuna jambo moja la adabu linalohusiana na haya yote. Usimwandikie mtu "kwa kuwa uko kwenye simu" kama hakukuambia. Ukikosea unaonekana hukusoma. Ukipatia, wengine watahisi wanachunguzwa. "Kama uko kwenye simu" inafanya kazi ile ile.

Pima makisio yako

Chukua maswali 50 yajayo. Kwa kila moja andika mada, kisio lako kabla ya kujibu, na kifaa halisi kama kilijulikana baadaye. Safu ya nne iwe ya kilichokufanya ukisie: mada tu, au alama nyingine. Usijaze kisio baada ya kujua jibu, maana kila mtu hujikumbuka alikuwa sahihi.

Mwishoni hesabu mambo mawili: ni wangapi kwa jumla walikuwa kwenye simu, na makisio ya mada peke yake yalipatia mara ngapi. Kisha fikiria mtu anayesema "simu" kwa kila swali bila kulisoma: angepatia mara ngapi? Ikiwa makisio yako ya mada hayamzidi huyo, acha kabisa kuyatumia, anza kila jibu na njia ya simu, na uweke ya kompyuta kama tawi. Wale ambao kifaa chao hakikujulikana wahesabu kando. Usiwagawe kwa kukisia, kwa sababu mara nyingi ni wale waliopata jibu lisilowafaa wakaondoka bila kuaga.